Kati ya Picha ya Tisa na ya Kumi

Kazi yangu ni kuchapa. Nimechapa barua, mihtasari, likizo za watu wasiorudi kwa wakati na malalamiko ya watu wasiojua kufupisha. Watu hudhani mchapaji hasomi, anapitisha maneno tu kutoka kwenye macho kwenda kwenye vidole. Nilikuwa nawachukia wanaosema hivyo, mpaka siku niliyogundua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo.

Ofisi sitaitaja. Iko Mtwara mjini, karibu vya kutosha na Rahaleo ninakoishi hivi kwamba mchana naweza kwenda kula nyumbani na kurudi. Mimi si mtu wa huku kwa kuzaliwa. Tulitoka Njombe na mume wangu alipopata kazi bandarini, nami nikapata meza yangu, kompyuta yangu na mkuu wa idara wa kunigombeza. Mkuu wangu ni mama wa makamo, mfupi, asiyependa karatasi nyingi. Miezi michache kabla ya haya ninayosimulia nilimpelekea kurasa arobaini na moja za mazungumzo ya simu, akazirusha mezani kwangu mbele ya watu.

"Hii ni nini? Salamu moja umeiandika mara tatu. Kamati imenicheka."

Alikuwa na haki. Siku hizi ushahidi unakuja kwenye skrinishoti. Mtu anafungua grupu la simu, anapiga picha skrini, anasogeza kidogo kwa kidole, anapiga tena. Kwa sababu anaogopa kuruka kitu, husogeza kidogo tu, kwa hiyo meseji za mwisho za picha ya kwanza zinakuja tena juu ya picha ya pili. Ukichapa kila unachokiona, mtu mmoja anaonekana ametukana mara mbili wakati alitukana mara moja. Mchapaji anatakiwa atafute pale picha mbili zinapopandana, aandike mara moja, aendelee na jipya. Nami baada ya kugombezwa nikawa hodari wa kupunguza. Nilikuwa najivunia, Mungu anisamehe.

Basi zikaja picha ishirini na tatu kutoka shule moja ya msingi upande wa Mahurunga, karibu na Mto Ruvuma.

Darasa la saba walikuwa kambini wakijiandaa na mtihani. Wanalala shuleni, wanasoma asubuhi na mchana, na mwisho wa juma walimu wanapeana zamu za kuwasimamia. Jumamosi moja mchana hakukuwa na mwalimu. Watoto wakaenda mtoni kuoga na kufua. Mamba akamshika binti wa miaka kumi na mitatu mkono wa kushoto. Wenzake walimvuta kwa kanga na kwa miguu, wakampata. Mkono hawakuupata. Binti alikuwa amelazwa hapa hapa mjini, na kila mtu ofisini alikuwa na jamaa aliyemwona.

Zamu ya Jumamosi mchana kwenye orodha ilikuwa ya mwalimu wa Kiswahili. Msichana wa miaka ishirini na kitu, wa kujitolea, hajaajiriwa bado, ana mtoto mchanga. Aliandika kwenye maelezo yake kwamba aliomba ruhusa kwenye grupu la walimu, mtoto alikuwa na homa, na mwalimu mkuu akamruhusu. Mwalimu mkuu aliandika kwamba hakumbuki. Grupu lilikuwa limewekwa zile meseji zinazojifuta zenyewe baada ya siku saba, kwa hiyo kwenye simu za walimu hapakuwa na kitu tena. Afisa elimu wa kata ndiye aliyewahi kupiga picha skrini kwenye simu ya mwalimu mkuu na kujitumia kabla siku hazijatimia. Akatutumia, kisha akaendelea na mambo yake.

Kamati ya kusikiliza shauri hili ingekaa Jumatano saa nne asubuhi. Kama ingeonekana yule mwalimu aliacha zamu bila ruhusa, jalada lingekwenda polisi siku hiyo hiyo. Hilo tulilijua sote, hata mfagizi.

Nilianza Jumatatu mchana. Kwenye kompyuta picha naziweka upande wa kushoto, ndogo ndogo kama stempu, na karatasi ya kuchapia upande wa kulia. Ninaikuza picha moja, nachapa mpaka meseji ya mwisho iliyo nzima. Meseji iliyokatwa na ukingo wa chini siigusi, naisubiri kwenye picha inayofuata. Kisha naitafuta ile meseji yangu ya mwisho kwenye picha inayofuata, naanza baada yake. Kuna vitu vya kuangalia. Mtu akituma meseji tatu mfululizo, jina lake linakaa juu ya ile ya kwanza tu, hivyo picha ikianzia katikati unaona maneno yasiyo na mwenyewe, na lazima urudi nyuma ujue ni ya nani. Ni kazi ya kushona viraka, ila kitambaa ni maneno ya watu.

Picha ya tatu na ya nne zilikuwa sawa kabisa. Afisa alibonyeza mara mbili bila kusogeza. Nililinganisha meseji zote, saa zote, nikaiweka ya nne pembeni. Mpaka hapo nilikuwa mtu mwenye akili.

Sasa, orodha. Msomaji aliyewahi kuwa kwenye grupu lolote la Watanzania anajua. Mtu mmoja anaandika orodha, mwingine anainakili yote, anajaza nafasi yake, anairudisha. Wa tatu anainakili tena. Baada ya saa moja orodha ile ile imejirudia mara tano, kila moja imeongezeka mstari mmoja. Hii ilikuwa ya zamu, mistari minne: Jumamosi asubuhi, Jumamosi mchana, Jumapili asubuhi, Jumapili mchana. Chini yake maneno: "Ambaye hajajaza ajaze tafadhali." Na maneno hayo nayo yananakiliwa kila mara.

Picha ya tisa iliishia na orodha hiyo, nzima, imetumwa na mwalimu wa Sayansi. Jumamosi mchana ilikuwa ya mwalimu wa Kiswahili. Jumapili mchana ilikuwa wazi. Nikaichapa mpaka "ajaze tafadhali". Nikatupia jicho picha ya kumi bila kuikuza, ikiwa bado ndogo pale kushoto. Chini kabisa naona orodha, na mstari wa mwisho "ajaze tafadhali". Nikasema moyoni, huyu afisa kabonyeza mara mbili tena. Nikaiweka pembeni pamoja na ya nne. Nikafungua ya kumi na moja: juu yake orodha, "ajaze tafadhali", nikaanza baada yake. Kila kitu kilishikana vizuri.

Kurasa zikatoka kumi na mbili. Mwishoni nikaandika kama kawaida kwamba nathibitisha hii ni nakala sahihi ya picha zilizopokelewa, na marudio yameondolewa. Nikasaini. Jumanne asubuhi zikatoka nakala tano, mkuu wangu akazipima mkononi kama nyanya za sokoni, akacheka.

"Umeona sasa? Inawezekana."

Nilitembea siku hiyo nikiwa nimenyoosha shingo.

Mwalimu mwenyewe alikuja Jumanne mchana, kama saa nane. Ana haki ya kupewa nakala kabla ya kikao, na kutoa nakala ni kazi yangu. Alikaa kwenye benchi mbele ya meza yangu, mtoto ananyonya, akasoma ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa anasoma kwa kidole, mwalimu wa Kiswahili mzima. Alifika ukurasa wa sita, akarudi wa tano, akaenda wa sita tena.

"Dada," akasema, "maneno yangu hayamo."

"Maneno gani?"

"Niliyomwomba mwalimu mkuu. Yalikuwa hapa, baada ya orodha. Na jibu lake."

Mimi nina hasira za karibu, nakubali. Tena nilikuwa na njaa. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nachapa kilichopo. Kama hukuandika, mimi sitakuandikia."

Hakubishana. Alimfunga mtoto mgongoni, akaikunja nakala, akasema ahsante. Alipofika mlangoni alishika fremu kwanza ndipo akatoka, kama mtu anayeshuka ngazi asiyoiona. Nililiona hilo na nikajifanya sijaliona.

Lakini sikuweza kula. Nilikwenda nyumbani, nikarudi na njaa yangu. Saa tisa wenzangu wakaanza kufunga droo zao. Nikajiambia nisome ukurasa wa sita mara moja, nijiridhishe, niondoke.

Orodha. Jumapili mchana, wazi. Chini yake meseji inayofuata, ya mwalimu mkuu: "Asanteni walimu, orodha imekamilika."

Imekamilikaje? Nafasi moja ilikuwa wazi.

Nikasoma tena. Nikaangalia saa. Orodha ilitumwa saa nne na robo asubuhi. Shukrani za mwalimu mkuu zilikuwa za saa nane kasoro robo. Katikati, kwa muda wa saa tatu na nusu, grupu la walimu kumi na mmoja, kimya kabisa? Walimu hawa waliokuwa wakitumiana picha za maua tangu alfajiri?

Nikaenda kwenye zile picha nilizoziweka pembeni. Nikaikuza ya kumi.

Juu kulikuwa na orodha, ya saa nne na robo, ya mwalimu wa Sayansi. Chini kulikuwa na orodha nyingine, ya saa saba na dakika arobaini, ya mwalimu wa Maarifa ya Jamii, na Jumapili mchana kajijaza yeye. Hazikuwa picha mbili za orodha moja. Zilikuwa orodha mbili. Na katikati yake, meseji mbili fupi:

"Mkuu naomba Jumamosi mchana nisiwepo. Mtoto ana homa kali, nampeleka zahanati. Naomba anishikie mwenzangu."

"Sawa mwalimu. Nitatafuta mwingine."

Yote yakaniingia kwa mara moja. Alisema kweli. Mwalimu wa Maarifa ya Jamii alinakili orodha ya zamani iliyokuwa juu, akajaza yake, na jina la mwenzake likarudi humo bila mtu kulitaka. Mwalimu mkuu akaona mistari minne imejaa, akashukuru, akasahau ahadi yake. Na mimi nikaja nikamalizia: nikaukamata mkia wa orodha ya kwanza nikaushonea kwenye mkia wa orodha ya pili, nikatupa kila kilichokuwa katikati. Ushahidi pekee uliobaki duniani ulikuwa umelala kwenye kompyuta yangu, kwenye folda niliyoiita Marudio.

Sikuwahi kuogopa hivyo, hata siku nilipojifungua kwa shida. Nilikuwa nimesaini. Nakala tano zilikuwa zimeshakwenda kwa wajumbe kwenye bahasha. Mawazoni nilimwona yule mwalimu kituoni, mtoto akiwa mgongoni, na karatasi yangu juu ya meza ya polisi.

Sasa niseme kitu kisichosemeka. Kidole changu kilikaa juu ya ile folda na nikafikiri: ukiifuta hii, nani atajua? Afisa wa kata simu yake huenda kaisafisha. Mwalimu mkuu hakumbuki na hataki kukumbuka. Ungebaki wewe na mume wako na watoto wako watatu na mshahara wako. Nilifikiri hivyo nikiwa na akili timamu, kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kilichoniokoa hakikuwa wema. Niliogopa zaidi kuishi na kitu hicho kuliko kufukuzwa, hofu mbili zikapigana na moja ikashinda.

Niliitia picha kwenye flashi, nikapanda bodaboda mpaka Mtawanya, nyumbani kwa mkuu wangu.

Nilimkuta anamwagilia mchicha nyuma ya nyumba, kanga mbili, miguu peku. Sijawahi kumwona miguu peku. Nilimweleza yote nimesimama, maji ya ndoo yakinirukia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka ndoo chini.

"Kikao ni kesho saa nne," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Wajumbe wameshasoma. Umethibitisha kwa mkono wako. Na huyo mwalimu alikuja kwako leo, watu wamemwona. Kesho ukileta maneno mapya, watasema nini?"

Sikuwa nimelifikiria hilo.

"Watasema amenipa kitu," nikasema.

"Nenda nyumbani. Kesho utakuwepo kuandika muhtasari. Usifungue mdomo mpaka mimi nikuangalie. Nikikuangalia, sema. Umenielewa?"

Nilimwitikia. Njiani kurudi nilijiuliza kama nilikuwa nimeelewa kweli. Mume wangu nilimwambia kichwa kinaniuma, na hakikuwa uongo.

Chumba cha kikao kina meza ndefu na feni moja inayozungusha joto. Wajumbe watano, mwenyekiti akiwa mzee mmoja mstaafu mwenye sauti ya taratibu. Mwalimu mkuu upande mmoja, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Mwalimu wa Kiswahili upande wa pili, peke yake, mtoto kamwacha nje kwa mama yake mzazi. Nyuma alikaa baba wa yule binti, mkulima kutoka mtoni, watu wa kwao walivuka kutoka ng'ambo ya Ruvuma zamani. Mimi pembeni na kompyuta yangu, mkuu wangu mbele yangu, kanipa mgongo.

Walianza na baba. Alisimama, kofia mkononi.

"Mie sina maneno mengi," akasema. "Ntoto wangu hana nkono. Nataka kujua siku ile alikuwa na nani."

Alikaa.

Mwenyekiti akafungua nakala yangu, ukurasa wa sita. Akasoma kwa sauti orodha yangu, "Jumamosi mchana", na jina la mwalimu. Akasoma "Asanteni walimu, orodha imekamilika." Akavua miwani.

"Mwalimu, umesema uliomba ruhusa. Nionyeshe hapa ulipoomba."

Msichana akaichukua nakala yake iliyokunjwa, akaifungua, ingawa aliijua. "Hayamo, mzee," akasema. "Lakini niliandika."

"Uliandika wapi, kama humu hamna?"

Nilimtazama mkuu wangu. Mgongo. Nilitazama shingo yake mpaka nikaijua mikufu yake. Hakugeuka. Mwenyekiti akamuuliza mwalimu mkuu kama anakumbuka kutoa ruhusa. Mwalimu mkuu akasema, kwa upole kabisa, "Mwenyekiti, ningekumbuka." Nikaandika kwenye muhtasari: ningekumbuka. Mgongo haukugeuka. Mwenyekiti akavaa miwani tena, akashika kalamu, akasema kama hakuna jingine basi.

Mficha uchi hazai, nikajiambia. Nikasimama. Kiti kikaanguka.

"Maneno yake yapo," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Niliyaondoa mimi."

Ndipo mkuu wangu alipogeuka. Sikuweza kujua kama alikuwa anataka kunipa ile ishara au kunikalisha.

Nilieleza vibaya. Nilianzia mwisho, nikarudi mwanzo, nikasema picha ya kumi, nikasema mkia wa orodha, wajumbe wakatazamana. Mmoja wao, mwenye suti, akaniuliza, "Jana mwalimu huyu alikuja kwako?" Nikasema ndiyo. "Mlizungumza?" Ndiyo. "Na leo umeyapata maneno yake?" Ndiyo. Kila ndiyo ilikuwa inanichimbia shimo, na nilikuwa nalisikia. Nilijua sasa tutaondoka wawili kwenda polisi, yeye kwa mkono wa binti na mimi kwa rushwa.

"Msiniamini mimi," nikasema mwishowe. Nilikuwa nalia, sioni aibu kusema. "Nakala yangu wekeni pembeni. Angalieni picha."

Mwenyekiti akasema nilete. Niliibeba kompyuta kwa mikono miwili nikaiweka mbele yake. Nikafungua ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja, zikae bega kwa bega, zote kubwa. Nikaonyesha kwa ncha ya kalamu. Chini ya tisa, orodha ya saa nne na robo. Juu ya kumi, hiyo hiyo, mtumaji yule yule, saa ile ile, hii ndiyo inayopandana, hii inaandikwa mara moja. Chini ya kumi, mtumaji mwingine, saa nyingine, hii si ile. Juu ya kumi na moja, hiyo ya pili. Mimi niliangalia maneno nisiangalie mwenye maneno wala saa yake. Nilisema hivyo kwa ufupi, mara hii nikaanzia mwanzo.

Mwenyekiti alisogeza uso karibu na skrini. Alisoma meseji ya msichana kimya kimya. Kisha ya pili akaisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma tangazo la msiba.

"Sawa mwalimu. Nitatafuta mwingine."

Mwalimu mkuu alikuwa anaangalia meza. Nilimwona hofu ikimpanda kutoka shingoni, nikaitambua, maana ndiyo kwanza ilikuwa inatoka kwangu. Sikumfurahia. Labda kweli alisahau. Watu husahau.

Nyuma, baba wa binti alisimama bila kuitwa. "Kwa hiyo hakuna," akasema. "Alikuwa hana ntu."

Hilo pia nililiandika kwenye muhtasari, kama alivyolisema.

Mkuu wangu ndiye aliyezungumza baada ya hapo. Aliwaambia wajumbe kwamba yeye ndiye aliyenisukuma nipunguze kurasa, na kwamba nilimfuata nyumbani jana jioni, hivyo wakitaka kuuliza habari ya kuficha waanze na yeye. Hakunitazama aliposema hivyo. Kikao kikaahirishwa, afisa wa kata akaitwa na simu yake, mwalimu wa Kiswahili akaambiwa aende nyumbani, hana kesi kwa sasa. Mimi nikapewa barua ya onyo, ambayo niliichapa mwenyewe kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuichapa.

Siku hizi siunganishi picha kwa maneno tena. Kwa kila picha naandika daftarini, kwa penseli, mtumaji wa meseji ya mwisho na saa yake, na picha haiendi pembeni mpaka nimeikuza na kuisoma mstari kwa mstari. Nakala zangu zimerudi kuwa nene. Mkuu wangu anazipima mkononi, kisha anazipeleka.

Lakini nilitaka kusema habari ya mwalimu. Baada ya kikao nilimfuata nje. Alikuwa amempokea mtoto kwa mama yake, amekaa kwenye kizingiti. Nilipiga magoti mbele yake. Nilimwomba radhi kwa nakala, na kwa yale niliyomjibu jana nikiwa na njaa. Nikamwambia nitachapa upya leo hii, kila neno lake litakuwemo, nitampa nakala yake ya kwanza kabla ya wajumbe.

Alinisikiliza. Hakuwa na hasira, na ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa nayo.

"Nimesamehe, dada," akasema. "Ila nakala yako usinipe. Nitolee ile picha."

Nikarudi ndani kuitoa.